Harufu Siyo Usafi

Wadau wa mageto ya Kwa Mrombo, tuongee ukweli. Choo kimoja, wapangaji wanane. Mmoja akianza kuharisha na kutapika, dawa yetu ni ileile: kizibo kimoja cha Detoli kwenye ndoo nzima ya maji, choo kinanukia kama wodi, tumemaliza. Mimi nasema hapo tumepulizia manukato tu.

Detoli ni ya ukoo wa fenoli, ukoo wa ile asidi ya kaboliki ambayo Joseph Lister alianza kuitumia kwenye vidonda mwaka 1865. Fenoli hutoboa utando wa bakteria mpaka vya ndani vinavuja. Lakini hii ya Detoli ilitengenezwa iwe laini kwa ngozi. Hata kwa kidonda, kipimo ni sehemu 1 kwa 20 za maji. Sasa kizibo kwenye lita 20 kitatoboa nini?

Choo kilichotapikiwa kinataka klorini, yaani Jiki. Klorini huunguza protini za kijidudu, na virusi vya kuharisha haviponi. Tatizo lake haichagui cha kuunguza: ukiimwaga juu ya matapishi, inaishia kupambana na matapishi. Kwa hiyo vaa glavu, zoa uchafu, osha kwa sabuni, suuza, ndipo uje na Jiki. Ile ya asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji, inakupa asilimia 0.5. Acha sakafu ibaki imelowa dakika 10. Na tafadhali, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Inatoka gesi ya klorini, na vyoo vyetu mnavijua, dirisha lenyewe kama la kutolea tiketi.

Kuna wanaosema sanitaiza inatosha kila mahali. Hapana. Alkoholi huharibu protini na kuyeyusha mafuta ya utando, ila inakauka upesi, na virusi vingi vya kuharisha havina huo utando wa mafuta. Iacheni kwa mikono isiyo na uchafu na kwa kipimajoto. Halafu ya asilimia 70 inaishinda ya 95, kwa sababu inahitaji maji ili ipenye. Kali mno hugandisha ganda la nje na kuishia hapo.

Na ukianguka na boda ukachubuka, spiriti wala Jiki visiguse nyama mbichi. Vyote vinaunguza seli zako, na spiriti haiui mbegu za pepopunda zilizo kwenye udongo. Osha kwa maji safi mengi na sabuni, kisha nenda kituo cha afya ukaulizie chanjo.

Pendekezo langu: kila geto lichangie Jiki moja na kikombe cha kupimia. Iwekwe kivulini, maana jua huidhoofisha, na mchanganyiko wa jana umwagwe.