Deni Lisiingie Kwenye Salio

Tuseme unauza maziwa na viazi pale Kaptagat, na jioni unaandika kwenye simu: "Nimeanza na 2,000. Nimeuza kesh 3,450. Boda 200. Jirani amechukua maziwa ya 300, atalipa Ijumaa. Nimenunua viazi 1,500."

Kila sentensi ya pesa ipe mstari wake, na upige salio hapo hapo: chukua salio la juu, ongeza iliyoingia, toa iliyotoka.

| Maelezo | Imeingia | Imetoka | Salio |
|---|---|---|---|
| Salio la jana | | | 2,000 |
| Mauzo | 3,450 | | 5,450 |
| Boda | | 200 | 5,250 |
| Viazi | | 1,500 | 3,750 |

Na zile 300 za jirani? Sisi tunasema zisiwemo. Ukiziweka, salio litasoma 4,050 na kwenye droo kuna 3,750, halafu uanze kumshuku kijana wako wa duka bure. Ziandike ukurasa wa madeni. Akilipa Ijumaa, ziingie siku hiyo.

Kabla ya kufunga, hesabu pesa za droo. Zikipishana na salio, pengine kuna sentensi umesahau. Itafute usiku huo huo, maana kesho hutaikumbuka.