Deni Lisilo Lako Usililipe

Bwenini kwetu kuna ushauri mmoja unaotolewa kwa kila aliyejikuta ameorodheshwa CRB: "Lipa tu, yaishe." Naupinga, hasa pale deni lenyewe si la mtu huyo.

Mwenzangu mmoja alipata kazi ya muda, na mwajiri akadai cheti cha CRB. Alipoomba ripoti yake akakuta mkopo wa shilingi 4,750 wa Machi 2021, haujalipwa, kutoka kwa mkopeshaji wa simu asiyemjua. Mwaka huo alikuwa kidato cha tatu, hana hata kitambulisho. Wengi tulimwambia alipe. 4,750 si pesa za kumnyima mtu kazi. Mimi pia nilikuwa miongoni mwao, na nilikosea.

Hapa Kenya, taarifa ya mkopo uliokwama haifutiki siku unapolipa. Inabadilika tu na kusomeka kuwa uliwahi kushindwa, kisha ukalipa, na inaweza kubaki hivyo miaka 5 tangu siku ya malipo. Cheti utapata. Lakini benki itakayosoma ripoti yako kesho itakuona mdaiwa sugu wa zamani, na risiti yako mwenyewe ndiyo itakayokuwa shahidi. Taarifa ya uongo haistahili kulipiwa. Inapaswa kuondolewa.

Aliandika malalamiko kwa kampuni ya CRB iliyotoa ripoti, akitaja namba ya akaunti ya mkopo na tarehe yake kama zilivyoandikwa humo, akaambatisha nakala ya kitambulisho. Hoja yake ilikuwa moja: kitambulisho kilitolewa baada ya mkopo, basi namba hiyo iliingizwa kimakosa. Hakuandika "sijui deni hili", maana hilo kila mtu husema. Nakala nyingine alimpelekea mkopeshaji, kwa sababu CRB huhifadhi kile inacholetewa. Ni lazima imuulize aliyekileta. Mkopeshaji alimjibu kwa simu kwamba akilipa nusu atasamehewa iliyobaki. Ukarimu wa ajabu huo, kumsamehe mtu nusu ya deni la mwingine! Akakataa, akaomba wamwonyeshe fomu ya mkopo na laini iliyopokea pesa. Hawakuwa na laini yoyote yenye jina lake, na mkopo ukafutwa.

Msinijibu kwamba njia hii ni ndefu. Ripoti ya kwanza kila mwaka ni ya bure kisheria, na mkopeshaji au CRB wakinyamaza, Benki Kuu ndiyo inayotoa leseni za kampuni hizo na hupokea malalamiko. Kilicho kirefu ni kwamba kampuni ziko tatu, TransUnion, Metropol na Creditinfo. Mwenzangu alisafishwa kwa moja, na wiki mbili baadaye bado alisomeka mdaiwa kwa nyingine. Alirudi na barua ileile.