Kurudia Neno si Kosa

Katika madarasa ya Kifaransa niliyosoma hapa Gisenyi, kosa lililoadhibiwa zaidi halikuwa la sarufi. Lilikuwa la kurudia neno. Ukiandika « facture » mara mbili katika sentensi zinazofuatana, pembeni mwa karatasi panatokea wino mwekundu: « rép. », yaani umerudia. Tulifundishwa kubadilisha: kwanza « la facture », kisha « celle-ci », kisha « ce document », kisha « elle ». Ninadai kwamba kanuni hiyo, ikitoka kwenye insha na kuingia katika barua ya biashara, ni hasara. Nimeiona hasara yenyewe, na mwandishi wa barua iliyoileta nilikuwa mimi.

Shangazi yangu huuza karoti na vitunguu kwa mnunuzi mmoja wa Goma. Mizigo hupita Petite Barrière, na mazungumzo yote ni ya Kiswahili, lakini mkataba wao uliandikwa kwa Kifaransa. Kifungu cha 6 kina mafungu matatu. La kwanza linasema kila ankara italipwa ndani ya siku 15. La pili linasema mnunuzi akichelewa, ataongeza asilimia 2 kwa kila wiki, kuanzia siku anapopokea barua rasmi ya kudai, ile iitwayo « mise en demeure ». La tatu linampa muuzaji haki ya kusimamisha mizigo.

Mwezi wa Aprili 2024 shangazi alikuwa na ankara mbili zisizolipwa: namba 041 ya tarehe 4, dola 620, na namba 047 ya tarehe 18, dola 380. Ya kwanza ilipaswa kulipwa kufikia tarehe 19. Ya pili ilikuwa na muda hadi tarehe 3 Mei. Tarehe 26 Aprili shangazi akaniambia, « Mwanangu, wewe umesoma, niandikie. » Nikaandika hivi:

« Suite à notre dernier entretien, nous vous prions de régler la dernière facture, conformément au paragraphe 6 du contrat. Celle-ci est en retard. »

Niliiona barua nzuri. Neno « facture » halikurudiwa hata mara moja. Tarehe 2 Mei mnunuzi akalipa dola 380. Alilipa ankara namba 047, ambayo hata muda wake haukuwa umekwisha, na akaacha 041. Tulipolalamika alijibu kwa utulivu kwamba ametimiza tulichoomba: tulidai « la dernière », na ya mwisho kutolewa ni 047.

Alikuwa na haki. Neno « dernière » lina mtego uleule wa « ya mwisho » katika Kiswahili: linaweza kuwa lile la karibuni zaidi, au lile linalofunga orodha. Mimi nilimaanisha deni lililobaki nyuma. Yeye alisoma karatasi iliyotoka juzi. Tena, katika sheria za mikataba zenye asili ya Kifaransa, mwenye madeni kadhaa ana haki ya kusema analipa lipi. Kanuni ya Kiraia ya Ufaransa inasema hivyo katika kifungu cha 1342-10, na sheria ya mikataba ya Kongo, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, ilichota katika kisima hichohicho.

Na « celle-ci »? Mwalimu angesema kiwakilishi hicho kinaonyesha jinsia, kwa hiyo kinajulikana kinarejelea nini. Hebu tuhesabu maneno ya biashara: « facture », « commande », « livraison », « avance », « quittance », « lettre ». Yote ni ya kike. Jinsia haikutengi chochote hapo. Ukiandika « nous en avons payé la moitié », nusu hiyo ni ya ankara, ya oda, au ya malipo ya awali? Kiswahili chetu nacho hakituokoi: ankara, oda na barua zote huchukua « i- », na « tumeilipa » haisemi ni ipi. Sokoni tunanyoosha kidole. Karatasi haina kidole.

Kosa la tatu lilikuwa « paragraphe 6 ». Niliwaza kwa Kiingereza, lugha tuliyosomeshwa masomo mengine yote tangu nchi ilipobadilisha lugha ya kufundishia kufuatia uamuzi wa 2008. Katika mkataba wa Kifaransa kipande chenye namba ni « article », na kila fungu ndani yake linaloanza kwenye mstari mpya ni « alinéa ». Nilipaswa kuandika « article 6, alinéa 2 ». Hata kuhesabu « alinéa » kuna ubishi pale kifungu kinapokuwa na orodha, kwa sababu mmoja atahesabu kila mstari wa orodha na mwingine atahesabu orodha nzima kuwa fungu moja. Dawa ni kutaja maneno ya mwanzo: « l'alinéa commençant par “En cas de retard” ». Na kama mkataba umewahi kurekebishwa, taja pia « avenant » kwa namba na tarehe, la sivyo mwenzako atasoma maneno ya zamani.

Tarehe 24 Mei tuliandika upya:

« Objet : facture n° 041 du 4 avril 2024 (620 USD), mise en demeure. La facture n° 041 était payable le 19 avril 2024 au plus tard (article 6, alinéa 1, du contrat). La facture n° 041 reste impayée. Votre paiement de 380 USD, reçu le 2 mai 2024, a soldé la facture n° 047 du 18 avril 2024. »

Ankara namba 041 imetajwa mara tatu. Mwalimu wangu angeijaza barua wino. Mnunuzi alilipa dola 620 zote, lakini alikataa nyongeza ya wiki nne zilizopita, akisema barua ya Aprili haikudai ankara namba 041. Asilimia 2 ya 620 ni dola 12 na senti 40. Kwa wiki nne ni dola 49 na senti 60. Shangazi hakunilaumu. Aliniuliza tu, « Sasa mwanangu, huko shule mnajifunza barua za nani? »

Wako watakaosema Goma na Gisenyi ni majirani, wapigiane simu wamalize kwa Kiswahili. Ni kweli, hadi siku wanapokosana. Siku hiyo karatasi inakwenda kwa mhasibu, kisha kwa wakili, na upande ule wa mpaka wote wawili wanasoma Kifaransa. Hata ujumbe wa simu utahitaji kutajwa huko kwa tarehe, saa na maneno yake ya kwanza. « Votre message de ce matin » kesho yake haisemi kitu.

Wengine watasema barua ya namna hii ni kavu. Sidai kwamba « elle » ifukuzwe. Pale penye ankara moja tu, na hakuna nomino nyingine ya kike karibu, itumike. Lakini zikiwa mbili, jina na namba virudi kila mara. Kwa walimu wetu nina ombi moja: katika zoezi la barua ya biashara, wino mwekundu uwekwe chini ya « celle-ci », na pembeni iandikwe: « laquelle ? »