Kadari ya Mwenyezi Mungu na Hiari ya Mwanadamu

Katika mihadhara ya dini mara nyingi husikika Mkristo akimwambia Mwislamu: "Kwenu ninyi kila jambo limekwisha andikwa, basi mtu ahukumiwe kwa lipi?" Naye Mwislamu hujibu kwa kumtajia Kalvini. Wote wawili huondoka wakidhani wameshinda, hali swali walilojibizana halikuwa moja.

Tuanze na Wakristo, na tuwatendee haki. Fundisho lao la watu kuchaguliwa tangu azali lina mzizi wake katika dhambi ya Adamu. Agostino, askofu wa Hipo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba wanadamu wote wameharibika kwa dhambi ile, hata hiari yao haiwezi kumwelekea Mungu mpaka neema iwainue kwanza. Akubaliye hayo hukabiliwa na swali zito: mbona wengine wainuliwe na wengine waachwe? Kalvini wa Jeneva, katika kitabu chake kikubwa alichokikamilisha mwaka 1559, alijibu bila kuficha: Mungu aliamua hivyo, wala hakuamua kwa kutazama matendo yao yajayo. Mwenyewe alikiri kwamba amri hiyo yatisha. Hata hivyo hakumwondolea mtu lawama, kwani alishikilia kuwa mwenye dhambi hutenda kwa kupenda kwake. Tena si Wakristo wote wamfuatao. Wakatoliki, katika Mtaguso wa Trento mwaka 1547, walikataa kwamba Mungu amempangia mtu kutenda uovu. Na Yohana Wesley, ambaye Wamethodisti wanatokana naye, aliihubiria kinyume imani hiyo mwaka 1739. Kumtupia Kalvini jirani aliye Mkatoliki ni kumbebesha mzigo usio wake.

Kwetu hakuna dhambi ya kurithi. Mtoto huzaliwa katika fitra, na hiari yake haikufungwa na kosa la babu yake. Kwa hiyo swali la Agostino halituanzii. Lakini tusijidanganye kwamba sisi hatuna fumbo. Mtume (s.a.w.), akiwa mazikoni Bakii, aliwaambia masahaba kwamba makao ya kila nafsi, Peponi au Motoni, yamekwisha andikwa. Wakamwuliza papo hapo lile lile ambalo Mkristo hutuuliza leo: je, tusitegemee maandiko hayo na kuacha kutenda? Akawaamrisha watende, kwani kila mmoja hurahisishiwa njia ya kule alikoumbiwa. Maandiko hayakufunuliwa kwa yeyote. Kilichofunuliwa ni amri. Mja hutenda kwa alichoamrishwa, si kwa asichokijua.

Jinsi masahaba walivyoifahamu kadari ilidhihirika Sargh, njiani kuelekea Shamu, karibu na mwaka 18 Hijiria. Sayyidna Umar (r.a.) aliambiwa kwamba tauni imezuka huko. Akawashauri Muhajirina, wakahitilafiana. Akawashauri Ansari, nao wakahitilafiana. Ndipo wazee wa Kikureshi wakaafikiana kwamba arudi. Abu Ubaida bin Jarrah (r.a.) akamwuliza: je, anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar alijibu kwamba anaikimbia kadari kuiendea kadari. Kisha akampa mfano wa mtu aliyeshuka na ngamia zake bondeni, upande mmoja una majani na wa pili ni mkavu: popote atakapowalisha, amewalisha kwa kadari. Baadaye akaja Abdurrahman bin Auf (r.a.), ambaye hakuwapo mashaurianoni, akasema alimsikia Mtume akikataza kuingia nchi yenye tauni, na kukataza kutoka humo kwa kuikimbia. Umar akamhimidi Mwenyezi Mungu, akarejea. Abu Ubaida alibaki Shamu na jeshi lake, akafa kwa tauni hiyo.

Tazama mafunzo ya hadithi hiyo yanavyokata pande mbili. Anayekatazwa kuingia amepewa sababu ya kujiokoa. Anayekatazwa kutoka amepewa subira. Kuchagua majani ni kazi ya mchungaji, na kuchagua kwake pia kumo katika kadari. Tauni isiyozuilika ndiyo anayoambiwa mja aipokee kwa kuridhika.

Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Kurani, katika Suratul An'am aya ya 148, inawalaumu washirikina waliodai kwamba Mungu angetaka wasingemshirikisha. Waliitoa kadari iwe udhuru wa dhambi. Wanazuoni, wakieleza hadithi ya mahojiano ya Adamu na Musa, wamesema kadari hutajwa kwa msiba, haitajwi kwa kosa. Alama ya kutambua ni kumtazama anayelisema neno na alilokuwa nalo mkononi. Mama aliyefiwa na mwanawe katika ajali ya basi anaposema ni kazi ya Mungu, amesema kweli na ana ujira. Dereva aliyejua tangu asubuhi kwamba breki hazishiki, akaondoka kituoni na abiria, hana haki ya kulikariri neno la mama yule mbele ya kaburi la mtoto.