Mzunguko hauna mwanzo, swali liutaje

Naomba niongeze jambo kwenye swali la kupanga hatua za mzunguko wa maji. Tuseme mwalimu wa hapa Kwedizinga ametunga hivi:

A. Matone madogo yanaungana na kuwa mazito.
B. Jua linapasha maji ya lambo, yanageuka mvuke.
C. Mvua inanyesha.
D. Mvuke unapanda, unapoa na kuwa matone madogo.

Jibu lake ni B, D, A, C. Mtoto akiandika D, A, C, B, kila herufi iko nje ya nafasi yake, anapata sifuri. Lakini mvua hujaza lambo na jua hulipasha tena! Jibu la mtoto ni sahihi kabisa. Kosa ni la swali lisilosema, "Anza na maji yakiwa lamboni." Hata likisema hivyo, msihesabu nafasi. Hesabuni jozi zinazofuatana: D-A na A-C ziko sawa, apewe 2 kati ya 3. Na msiweke "maji yanatiririka" pamoja na "maji yanazama ardhini" katika orodha ya kupanga, maana hutokea kwa wakati mmoja.

Kwenye swali la kuoanisha, Orodha A ikiwa na hatua 4, Orodha B iwe na maelezo 6, yote ya mabadiliko ya maji. Idadi zikilingana, jibu la mwisho linapatikana bila mtoto kulijua. Walimu wenzangu, kabla ya kugawa karatasi, jaribuni kuanzia hatua nyingine. Mpangilio ukiendelea kukubali, rekebisheni swali.