Kodi GPU, Usinunue

Wenzangu mnaochangishana mnunue GPU ya projekti, subirini. RTX 4090 ilipotoka mwaka 2022 iliuzwa dola 1,599. Mimi nilikodi mashine yenye kadi hiyohiyo kwa nusu dola kwa saa. Projekti nzima ilikula saa 60, yaani dola 30. Kununua kungenilipa baada ya siku 133 za kazi mfululizo, na umeme bado.

Ila kukodi kunataka nidhamu. Ukiwasha tu, andika `nvidia-smi`. Kadi isipoonekana, huenda draiva ina kasoro: zima, kodi nyingine. Modeli ikianza kujifunza na kumbukumbu ya kadi bado tupu, basi unatumia CPU huku unalipia GPU. Na ukimaliza, zima kabla hujalala. Mimi nililala saa nane, dola 4 zikaenda hivihivi.