Laini ikizimika ghafla, usidhani ni mtandao

Wezi wa fedha za simu hawaishii tena kwenye ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Wengine huitaka laini yenyewe. Wakala asiye mwaminifu humwambia mama kidole hakijasoma, aweke tena; alama ile ya pili huenda ikasajili laini nyingine kwa kitambulisho chake, au ikahamishia namba yake kwenye kadi mpya.

Namba ikihamishwa, kadi ya zamani huzimika, na namba za uthibitisho ambazo benki hutuma kwa ujumbe humfikia mwizi. Dalili yake: simu yako haina mtandao kabisa, ilhali wenzako nyumbani wa kampuni hiyo hiyo wanao. Usingoje asubuhi. Azima simu yao, piga 100 laini ifungwe, kisha ijulishe benki.

Laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako utaziona kwa *106#. Usiyoitambua, nenda dukani kwa kampuni ikafutwe.

Kwa kawaida mwizi bado huhitaji namba yako ya siri. Ndiyo maana hukupigia kwanza, kwa upole, akijiita huduma kwa wateja.